Dakika 74 kwa picha moja: safari ya mwanga ndani ya gemu

Kufuatilia miale, kunakoandikwa Ray Tracing kwenye menyu za gemu, ni kuchora picha kwa kukokotoa safari ya mwanga. Kwa kila nukta ya skrini, kompyuta hurusha mwale kutoka kwenye jicho la mtazamaji. Ukigonga kioo, mwale hudunda. Ukigonga maji, mwingine hupenya na kupinda. Vivuli na uakisi hujitokeza vyenyewe.

Turner Whitted wa Bell Labs aliieleza njia hiyo katika makala ya mwaka 1980. Picha yake moja ya mipira inayong'aa ilichukua dakika 74 kukokotolewa, ilhali gemu laini huhitaji picha 60 kwa sekunde. Ndiyo maana watengenezaji wa gemu walishika njia ya mkato: uakisi waliuazima kutoka kwenye picha iliyokwisha kuchorwa. Kasoro yake huonekana upesi. Mchezaji akiinamia dimbwi hadi jengo litoke kwenye skrini, uakisi wa jengo hilo majini hutoweka pia.

Septemba 2018 Nvidia ilianza kuuza kadi za RTX zenye saketi maalumu za kazi hiyo. Miezi miwili baadaye ikaja Battlefield V, ambamo moto uliowaka nyuma ya mchezaji ulionekana ukimetameta kwenye ubavu wa gari lililo mbele yake. Ulikuwa uzuri wa kweli, lakini wa gharama: RTX 2080 Ti ya Nvidia yenyewe iliuzwa dola 1,199, na hata kwenye kadi hiyo, mwanzoni, kasi ya picha iliweza kushuka kwa nusu.

HDR, ambayo nayo huonekana kwenye menyu za gemu, ni jambo jingine kabisa. Haihusu jinsi mwanga unavyokokotolewa, bali jinsi skrini inavyouonyesha. Picha ya kawaida hugawa kila rangi ya msingi katika ngazi 256 na hutayarishwa kwa mng'ao wa niti 100 hivi. HDR10, iliyotangazwa mwaka 2015, ina ngazi 1,024, na mng'ao wake huweza kupita niti 1,000. Sony iliifungua kwenye PS4 zote Septemba 2016 kwa sasisho la bure. Gharama ikabaki kwenye televisheni. Hapo ndipo wengi huumia, kwani televisheni nyingi za bei nafuu hupokea mawimbi ya HDR bila uwezo wa kuyaonyesha. Kipimo ni taa moja gizani: giza lote likigeuka kijivu, HDR hiyo ni ya jina tu.

Kwa mchezaji wa kawaida, fedha ianzie kwenye skrini nzuri, kwa kuwa HDR haipunguzi kasi ya gemu kwa kiasi cha kuhisika. Miale ya uakisi na vivuli kwenye kadi ya wastani ni bora izimwe, hasa katika gemu za kufyatuliana risasi, ambako hakuna anayesimama kutazama dimbwi. Anayenunua kadi iliyotumika, hata hivyo, aangalie kama ina saketi za miale: Indiana Jones and the Great Circle, ya mwaka 2024, huzihitaji ili kufunguka.