Ile O Haikuanguka

Miezi michache baada ya kuacha chuo niliomba kazi ya kuandika masomo ya Kiingereza kwa ajili ya watoto. Mada ya majaribio ilikuwa matamshi. Niliandika kurasa nne, nikazisoma mara tatu, nikazituma. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo. Kichwa changu kilikuwa kimezungushiwa duara jekundu: nilikuwa nimeandika "pronounciation". Chini yake mhariri aliandika kwamba mtu asiyejua kuliandika neno lenyewe hawezi kufundisha mtoto. Kazi ikaenda hivyo, kwa sababu ya herufi moja.

Kilichoniuma si duara. Kiliniuma kwamba kosa langu lilikuwa na akili. Kitenzi ni "pronounce", kina o. Ukitaka nomino unachukua kitenzi, unapachika mkia. Sasa hiyo o inaenda wapi, na nani aliifukuza? Nilienda kutafuta, na nilichokuta ni kwamba nilikuwa nauliza swali kinyume. Hakuna o iliyoanguka. Ile o ni mgeni aliyeingia kwenye kitenzi.

Tuanzie Roma. Kilatini kilikuwa na neno "nuntius", yaani mjumbe, mtu anayebeba habari. Mpaka leo balozi wa Papa, hata huyu wetu wa Nairobi, huitwa nunsio. Kutokana na mjumbe kukawa na kitenzi "pronuntiare", kutoa habari mbele za watu, na nomino yake "pronuntiatio". Angalia vizuri: yote mawili yana u. Hakuna o kando ya hiyo u.

Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Kwa miaka mingi baadaye lugha ya mahakama na ya wakubwa ilikuwa Kifaransa chao, na kitenzi kikaingia Kiingereza kwa mlango huo, kupitia midomo ya watu. Kufikia karne ya 14 Waingereza walikuwa wanakitumia kama chao. Mdomoni mwao ile u, ikiwa imesimama mbele ya n na konsonanti nyingine, ilirefuka: ikawa uu, "pronuuns". Na makarani waliozoea tahajia ya Kifaransa walikuwa na namna yao ya kuandika uu: waliandika ou. Ndiyo maana hata neno la Kiingereza asilia kama "hus", nyumba, likageuka "house" kwenye karatasi wakati watu bado wanasema huus. Kwa hiyo o iliingia kama alama tu ya kusema: hapa vuta sauti.

Halafu sauti yenyewe ikahama. Kati ya takriban mwaka 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika karibu zote, jambo ambalo wanaisimu huliita Badiliko Kuu la Irabu. Ile uu ikafunguka polepole mpaka ikawa au. Huus ikawa haus, pronuuns ikawa pronauns. Tahajia haikuguswa.

Nomino ilipita njia nyingine. Ni neno refu la wasomi, lililoingia baadaye kidogo, likiwa bado linanuka Kilatini na vitabu. Mkazo wake unaangukia kwenye "a" ya "-ation", kule mwishoni, kwa hiyo "nun" haikuwa mahali pa kuvutwa. Irabu yake ilibaki fupi. Na irabu fupi haikuguswa na lile badiliko la ndefu. Ilipata badiliko lake dogo katika karne ya 17 kusini mwa Uingereza, u fupi ikasogea karibu na a, ndiyo maana leo wanasema "nan" na si "nun". Lakini hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiandika ou, kwa sababu haikuwahi kuwa ndefu.

Ukishaliona hilo, familia nzima inajipanga. "Announce" na "annunciation". "Denounce" na "denunciation". "Renounce" na "renunciation". Nje ya ukoo wa mjumbe pia: "profound" na "profundity", "abound" na "abundant". Kila mara neno fupi lina ou na sauti ya au, na lile refu la kisomi limebaki na u ya Kilatini.

Mbona basi "pronouncement" ina o? Kwa sababu mkia "-ment" hapa umepachikwa kwenye kitenzi kizima bila kukigusa, sawa na "-er" katika "announcer" na "-able" katika "pronounceable". Mkazo haukuhama, sauti ya au ipo, na herufi zake zipo. Kwa hiyo njia ya kujikagua ni sikio. Sema neno polepole. Ukisikia "naun", andika ou. Ukisikia "nan", andika u. Shida yetu wengi ni kwamba tunalitamka "pronaunsieshen", halafu tunaandika kwa uaminifu kile tulichosema. Kosa langu lilianzia mdomoni, mkono ulifuata tu.

Na tusijifanye Kiswahili hakina mambo haya. Anayepika ni mpishi, si mpiki. Anayelinda ni mlinzi, si mlindi. Anayefuata ni mfuasi. Lakini tunasema upikaji, na k imerudi mahali pake kama vile o ilivyorudi kwenye "pronouncement". Tena tunasema pikia, na i ipo pale pale lakini k haijaguswa. Kwani kuna i ngapi? Zamani, katika lugha mama ya Kibantu, zilikuwa mbili: moja imebanwa sana, nyingine imelegea kidogo. Ile iliyobanwa ndiyo iliyoigeuza k kuwa sh katika mpishi. Baadaye Kiswahili kilizichanganya zote mbili kuwa i moja. Chanzo kikapotea, alama yake ikabaki. Mtoto akisema "mpiki" tunacheka, lakini amefikiri sawasawa. Hajui tu yaliyotokea kabla hajazaliwa.

Sasa kuna neno moja ambalo ningependa kumwonyesha yule mhariri. Kilatini kilikuwa na "fundare", kuweka msingi, na "fundatio", msingi wenyewe. Kitenzi kikapita Ufaransa, kikavutwa, kikawa "found". Kwa mwendo ule ule wa "pronunciation", nomino yake ingepaswa kuwa "fundation". Mkazo uko kwenye "a" vilevile. Lakini leo kila mtu anaandika "foundation", na anasema "faun". Hapo kitenzi kilishinda. Kiliivuta nomino ifanane nacho, ikakubali.

Yaani nguvu iliyonifanya niandike "pronounciation" ndiyo iliyoumba "foundation". Na sikuwa wa kwanza. Katika maandishi ya zamani ya Kiingereza, kabla tahajia haijakazwa, wapo Waingereza wenyewe walioliandika neno hilo kwa o kama mimi. Neno moja lilipita, lingine likazuiwa mlangoni, na lililozuiwa likaitwa ujinga.

Kazi sikuipata, na siku hizi naandika "pronunciation" bila kusita. Lakini juzi binamu yangu wa darasa la saba aliniletea daftari lenye neno lile lile na duara jekundu lile lile. Sikumwambia amekosea. Nilimwambia alitamke kwa sauti, polepole, mara mbili, kisha aniambie amesikia nini pale katikati.