Utenganishaji wa kemikali kabatini

Utenganishaji wa kemikali kabatini ni kuzipanga chupa kulingana na jinsi kemikali zinavyoathiriana, si kwa alfabeti. Katika maabara ya shule mjini Machakos yenye kabati moja, mpango wa alfabeti huweka asidi asetiki, ambayo huwaka, kando ya asidi nitriki, ambayo ni kioksidishaji. Asidi nitriki ndiyo msumbufu mkuu: ni asidi, lakini haifai kukaa na asidi nyingine. Hupewa trei yake ya plastiki.

Ukaguzi huanza kwa kutoa chupa zote na kusoma vibandiko. Ukungu mweupe juu ya vifuniko mara nyingi ni amonia kloridi, ishara kwamba mvuke wa asidi hidrokloriki unakutana na wa amonia. Bawaba zenye kutu husema jambo kama hilo.

Ethanoli na asetoni huhitaji kabati jingine, mbali na moto. Mvuke wa ethanoli huweza kushika moto kuanzia takriban nyuzi 13 za Selsiasi, na mchana wa Machakos hupita hapo kwa urahisi. Potasiamu permanganeti hukaa pakavu, mbali na viyeyushi na asidi pia: ikikutana na asidi hidrokloriki kali hutoa gesi ya klorini.

Asidi huwekwa rafu ya chini. Chupa ya lita 2.5 huhitaji trei ya angalau lita 2.75. Trei huzuia kilichomwagika, lakini haizuii mvuke.