Ulinganishi wa Jozi: Mbolea Mbili, Shamba Moja

Katika takwimu, ulinganishi wa jozi ni utaratibu wa kupima vitu viwili, kwa mfano mbolea mbili, kwa kuviweka pamoja kila mara mahali pamoja au katika hali moja, kisha kuchukua tofauti iliyopatikana ndani ya kila jozi na kuifanyia hesabu hiyo tofauti peke yake, badala ya kukusanya mavuno yote ya mbolea ya kwanza upande mmoja na mavuno yote ya mbolea ya pili upande wa pili. Faida ya utaratibu huu hudaiwa kuwa ni kupunguza kelele. Neno kelele, linapotumiwa na wanatakwimu, halihusu sauti, bali ni jumla ya mabadiliko yote katika vipimo ambayo hayakusababishwa na kitu kinachochunguzwa: rutuba isiyo sawa, maji yanayotuama, mchwa, ndege, mbegu iliyofukiwa chini mno. Wapo wanaopendelea kusema hitilafu, lakini neno hilo humfanya msomaji adhani kwamba kuna mtu aliyekosea, ilhali kelele ya shambani ingekuwepo hata kama kila kazi ingefanywa bila dosari.

Hadithi fupi ya mkulima wa mahindi, iliyotungwa kwa ajili ya maelezo haya na kuwekwa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, inaonyesha jinsi kelele hiyo inavyoweza kumeza jibu. Mkulima huyu alitaka kujua ni mbolea gani ya kukuzia inayomfaa zaidi, yurea au CAN. Shamba lake la ekari mbili liliteremka kutoka mlimani hadi karibu na kijito, kwa hiyo njia rahisi ilikuwa kuligawa katikati: ekari ya juu ikapata yurea, ekari ya bondeni ikapata CAN. Wakati wa mavuno, ekari ya CAN ilitoa magunia 19 na ekari ya yurea magunia 12, naye akawa tayari kuwatangazia majirani kwamba CAN inazidi kwa magunia saba.

Bwana shamba alipopita, hakubishana naye juu ya mbolea. Aliuliza swali moja tu: “Mzee, mwaka juzi ulipoweka mbolea ya aina moja shamba zima, huku bondeni ulivuna magunia mangapi?” Mkulima akakumbuka kwamba bondeni yalitoka magunia 17, na juu 11. Pengo la magunia sita lilikuwepo kabla CAN haijanunuliwa, kwa sababu udongo wa juu ulikwisha kuchukuliwa na mvua za miaka mingi na kulundikana bondeni, ambako pia palikuwa na zizi la ng’ombe la zamani. Yaliyobaki ya kugombania yalikuwa gunia moja, na hata hilo halikuwa na uhakika, kwani gunia moja katika ekari ni kiasi ambacho nyani wanaweza kukimaliza kwa asubuhi mbili.

Kosa la jaribio hilo ni kwamba mbolea na mahali vilifungwa pamoja kiasi kwamba hakuna hesabu inayoweza kuvitenganisha baadaye. Mtu anaweza kudhani kwamba dawa yake ni kuongeza ukubwa wa vipande, lakini ekari kumi za bondeni dhidi ya ekari kumi za mlimani zingeleta udanganyifu uleule kwa gharama kubwa zaidi.

Msimu uliofuata jaribio lilipangwa upya. Zilichaguliwa sehemu nane kutoka mlimani hadi bondeni, na kila sehemu ikagawanywa vitalu viwili vinavyokaa ubavu kwa ubavu, kila kimoja kikiwa na mistari sita ya mahindi yenye urefu wa mita 10, kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Vitalu viliwekwa kando kwa kando kwenye mteremko, si kimoja juu ya kingine, ili mvua isiteremshe mbolea ya kitalu cha juu na kuilisha kitalu cha chini. Ndani ya kila jozi sarafu ilirushwa kuamua kitalu cha kushoto kipate mbolea gani. Hatua hii, inayoitwa unasibishaji, huonekana kama mchezo kwa mtu asiyeizoea, lakini bila hiyo mkulima angeweza kuipeleka CAN kushoto kila mara, na kama upande wa kushoto ulikuwa na unyevu zaidi kidogo katika shamba zima, upendeleo huo ungejirudia mara nane na kujivika sura ya ubora wa mbolea.

Kipimo cha mbolea nacho kilihitaji uangalifu. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, na CAN ina takriban asilimia 27, kwa hiyo kugawa kopo kwa kopo kungekuwa kulinganisha naitrojeni nyingi na naitrojeni kidogo. Kila kitalu cha yurea kilipewa gramu 450 na kila kitalu cha CAN gramu 770, viwango vinavyotoa naitrojeni ileile, yaani kama kilo 46 kwa hekta. Wakati wa kuvuna, mistari miwili ya pembeni na mita moja ya kila ncha iliachwa nje ya hesabu, kwa kuwa mizizi ya mistari hiyo huweza kula mbolea ya jirani. Mistari minne ya katikati, yenye eneo la mita 24 za mraba, ndiyo iliyopukuchuliwa na kupimwa baada ya punje kukauka.

Mavuno ya CAN, kuanzia jozi ya juu kabisa hadi ya bondeni, yalikuwa kilo 6.1, 6.9, 7.2, 8.3, 9.0, 9.8, 11.0 na 12.1. Yale ya yurea, kwa mpangilio huohuo, yalikuwa kilo 5.5, 6.0, 7.4, 7.5, 8.6, 9.2, 10.1 na 12.1. Wastani wa CAN ni kilo 8.8 na wa yurea ni kilo 8.3, hivyo tofauti ya wastani ni nusu kilo.

Je, nusu kilo hiyo ni ya kuaminika? Jibu hutegemea jinsi hesabu inavyofanywa. Mtu akisahau jozi na kuyatazama makundi mawili ya vitalu vinane, ataona kwamba ndani ya kila kundi mavuno yanapanda kutoka takriban kilo sita hadi kilo 12. Mkengeuko sanifu, ambao ni kipimo cha jinsi vipimo vinavyotawanyika kuuzunguka wastani wao, unazidi kilo mbili katika kila kundi. Kutokana nao hupatikana kosa sanifu, yaani kiasi ambacho tofauti ya wastani ingeweza kuyumba kwa bahati tu kama jaribio lingerudiwa, nalo ni takriban kilo 1.07. Tofauti ya nusu kilo haifikii hata nusu ya kuyumba huko, na mtu mwaminifu angelazimika kusema kwamba hakuna kilichothibitika.

Sasa zichukuliwe tofauti za ndani ya jozi, CAN kutoa yurea: 0.6, 0.9, kasoro 0.2, 0.8, 0.4, 0.6, 0.9 na sifuri. Wastani wake ni nusu kilo ileile, kwa sababu kupanga kwa jozi hakubadilishi jibu. Kinachobadilika ni mtawanyiko: mkengeuko sanifu wa tofauti hizi ni takriban kilo 0.41 tu, na kosa sanifu linashuka hadi kilo 0.145. Nusu kilo iliyokuwa imezama sasa ni zaidi ya mara tatu ya kosa lake, kiasi ambacho bahati pekee ingekileta kwa nadra.

Sababu yake ni kutoa, na hakuna siri nyingine. Mavuno ya kila kitalu yanaweza kufikiriwa kuwa na sehemu tatu: mchango wa mbolea, mchango wa mahali, na mabaki ya bahati. Vitalu viwili vya jozi moja vinashiriki mahali, kwa hiyo kimoja kinapotolewa katika kingine, mchango wa mahali unafutika, uwe mkubwa wa bondeni au mdogo wa mlimani. Mabaki ya bahati hayafutiki. Ndiyo maana neno jozi linafaa kuliko pacha, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia: vitalu havitakiwi kufanana kwa kila kitu, vinatakiwa kupanda na kushuka pamoja.

Utaratibu huu ni wa zamani katika kilimo cha majaribio. William Sealy Gosset, aliyekuwa mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin na kuandika kwa jina la kujificha la Student, alitumia katika makala yake ya mwaka 1908 jozi 11 za vitalu vya shayiri, mbegu za kitalu kimoja zikiwa zimekaushwa kwa joto kabla ya kupandwa na za kingine zikiwa hazikukaushwa. Mavuno ya vitalu hivyo yalitofautiana kwa zaidi ya ratili 1,000 kwa ekari, lakini tofauti za ndani ya jozi hazikuzidi ratili 127. Hata hivyo wastani wa tofauti, ratili 33.7 kwa ekari, ulikuwa chini ya mara mbili ya kosa lake sanifu, jambo linaloonyesha kwamba jozi huondoa kelele ya mahali bila kuahidi ushindi.

Zipo pia gharama. Vitalu 16 vinapogeuzwa kuwa tofauti nane, taarifa huru za kukadiria mtawanyiko hupungua kwa nusu, na ikiwa jozi zimeundwa ovyo, kwa vitalu visivyoshiriki chochote, hasara hiyo hubaki bila fidia. Mbuzi wakila kitalu kimoja, jozi nzima hutolewa, kwa kuwa kilichobaki hakina cha kulinganishwa nacho. Na jozi huundwa kabla ya kupanda: anayesubiri mavuno kisha akapanga kitalu kikubwa na kikubwa, kidogo na kidogo, amezitengeneza tofauti mwenyewe.

Kwa mkulima wa hadithi, nusu kilo katika mita 24 za mraba ni kama kilo 84 kwa ekari, chini kidogo ya gunia, na thamani yake lazima ipimwe dhidi ya bei ya kilo 69 za CAN zinazohitajika mahali pa kilo 40 za yurea. Hesabu hiyo ni ya dukani, na takwimu hazimfanyii. Jambo jingine ambalo jozi hazikuligusa ni msimu wenyewe, maana vitalu vyote 16 vilinyeshewa mvua ileile. Yurea iliyoachwa juu ya udongo hupoteza naitrojeni hewani mvua inapochelewa, na mwaka ambao mvua inanyesha siku ileile ya kuweka mbolea tofauti inaweza kuwa ndogo zaidi. Kwa hiyo vigingi vya jozi nane viliachwa ardhini hadi msimu wa pili, na sarafu ikarushwa upya.