Zaka: hesabu mbili za gunia moja

Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, ni mji wa ufukweni wenye Waislamu wa miaka mingi na msikiti wao. Jirani yake ni Gendia, ambako Waadventista Wasabato walianzisha misheni mwaka 1906. Ukishuka hadi kaunti ya Migori utaikuta Ranen, makao ya konferensi ya Waadventista. Huko kote utamsikia Mwislamu akisema ametoa zaka, na Mwadventista vilevile. Neno ni moja, lakini wajibu ni tofauti kuanzia hesabu hadi mpokeaji.

Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni usafi na kukua. Ndani yake hamna kumi. Wafasiri wa Biblia walilichukua wakalivisha maana ya sehemu ya kumi, ndiyo maana katika Union Version Malaki anadai zaka, ilhali Abramu katika Mwanzo anatoa fungu la kumi. Neno la Kiarabu lenye kumi ndani yake ni ushri, na hilo kwa Kiswahili limekuwa ushuru, likaishia kwa mtoza kodi wa sokoni.

Tofauti inaonekana vizuri kwenye mahindi. Chukua majirani wawili, kila mmoja amevuna magunia 12 ya kilo 90 kwa mvua tu, yaani kilo 1,080. Mwislamu huuliza kwanza kama mavuno yamefika nisabu, kiwango ambacho chini yake hakuna zaka. Kwa nafaka nisabu ni wasaki 5, ambazo wanazuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa kilo 653 hivi za nafaka iliyokauka na kupukuchuliwa. Amevuka. Shamba likinyweshwa na mvua hutolewa sehemu ya kumi, kwa hiyo zaka yake ni kilo 108, gunia moja na kilo 18. Angekuwa amevuta maji ya ziwa kwa pampu ya kununulia mafuta, angetoa nusu ya hiyo, kilo 54, kwa sababu maji yamemgharimu. Lakini mbolea, mbegu na malipo ya kulima havipunguzwi katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Wala hasubiri mwaka upite. Zaka ya mazao huwajibika punje zikikomaa, na hutolewa zikishakauka.

Jirani yake Mwadventista haulizi nisabu. Hata aliyevuna gunia moja ana zaka. Anachouliza ni ameongeza nini. Tuseme gunia ni shilingi 3,500: mavuno yake ni ya shilingi 42,000, pamoja na yale atakayoyaweka ghalani kwa ugali wa nyumbani, maana hayo nayo ni pato. Akiwa ametumia 15,000 kwa mbegu, mbolea na kulima, ongezeko ni 27,000 na zaka yake ni 2,700. Mwislamu wetu, kwa bei hiyohiyo, ametoa mahindi ya shilingi 4,200. Mvua ikikosekana wote wawili wakapata magunia 7, yaani kilo 630, Mwislamu hatoi kitu, na Mwadventista hutoa sehemu ya kumi ya chochote kilichozidi gharama.

Hapo kuna kosa la kuangaliwa. Nyanza Kusini ina misimu miwili, mavuno ya mvua za masika na ya vuli. Mtu akipata magunia 7 mwezi wa Agosti na 4 mwezi wa Januari, akapima kila msimu peke yake, atajiona hana wajibu. Katika madhehebu ya Shafi mavuno ya aina moja yaliyovunwa ndani ya mwaka mmoja hujumlishwa. Magunia 11 ni kilo 990, na zaka ni kilo 99.

Ziwani hesabu zinaachana kabisa. Samaki mwenyewe hana zaka ya Kiislamu hata ajaze mtumbwi. Kinachohesabiwa ni fedha na bidhaa ya biashara: mwenye kununua omena Mbita na kuziuza Migori hungoja mwaka wa mwandamo, wa siku 354 hivi, kisha hujumlisha fedha alizo nazo na thamani ya omena zilizobaki. Jumla ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu (wako wanaopima kwa gramu 595 za fedha, kiwango cha chini zaidi), hutoa asilimia 2.5 ya jumla yote, mtaji na faida. Aliyekula pato lake lote mwaka haujaisha hana zaka. Mwadventista hufuata pato linavyoingia. Faida ya wiki hii, zaka yake hupelekwa Sabato hii.

Mpokeaji ndiye anayewachanganya watu zaidi. Zaka ya Kiislamu ina makundi 8 yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, yakianza na mafukara na masikini, na kuendelea hadi wenye madeni na msafiri aliyekwama. Tajiri anaweza kumkabidhi jirani yake fukara mkono kwa mkono, ila si mzazi wala mtoto ambaye ni juu yake kumlisha. Katika madhehebu ya Shafi zaka haihamishwi mji ikiwa wenye haki wapo hapohapo, kwa hiyo mwenye duka Migori hana ruhusa ya kuirusha yote Mombasa na kuwapita masikini wa mtaa wake.

Ya Kiadventista huandikwa kwenye bahasha, mstari wa zaka ukiwa mbali na wa sadaka, na mhazini wa kanisa huipeleka yote konferensi. Huko hulipa wachungaji na wainjilisti, kwa kufuata Walawi wa kitabu cha Hesabu waliokula zaka kwa kuwa hawakupewa urithi wa ardhi. Mjane akija kuomba unga, atasaidiwa kwa sadaka na kazi za Dorkasi. Zaka haiguswi. Na hapa dini mbili zinakutana: mabati ya kanisa hayanunuliwi kwa zaka, na kwa kauli ya wanazuoni wengi, ya msikiti pia.

Imebaki zaka ya fitiri, ambayo Waadventista hawana mfano wake. Huhesabiwa kwa vichwa vya walio nyumbani, hata mtoto mchanga, kila kichwa pishi moja ya chakula cha kawaida cha mji, kilo 2 na nusu hivi. Huwajibika jua la mwisho la Ramadhani likizama, na bora itoke kabla ya swala ya Idi. Kuichelewesha bila udhuru hadi siku hiyo ipite ni dhambi, na deni hubaki palepale. Masoko ya kanda ya ziwa hupima kwa gorogoro, ambalo ni kilo 2 tu za mahindi. Anayetoa gorogoro moja kwa kichwa amepunguza. Familia ya watu 6 inahitaji kilo 15, ambazo ni magorogoro 7 na nusu.

Kwa sababu hizi ningewaomba waandishi, watangazaji na walimu wa dini waache kuliacha neno hili peke yake. Semeni zaka ya mali, zaka ya mazao au zaka ya fitiri kwa Waislamu, na kwa Wakristo mlirudishe lile ambalo Biblia yenyewe inalo, fungu la kumi.