Ua Zuri Lililofunga Ziwa

Mara ya kwanza kuliona gugumaji, nililipiga picha. Nilikuwa Dunga, Kisumu, nikingoja samaki wangu akaangwe, na mbele yangu palikuwa na kitu kama uwanja wa mpira: kijani kibichi, na maua ya zambarau juu yake. Mzee mmoja mvuvi akanicheka.

"Unapiga picha ya shamba? Hilo ni ziwa, kijana wangu. Mashua yangu iko upande ule. Sijaifikia tangu juzi."

Nikarudi Nairobi na swali moja tu: hili shamba lilitoka wapi?

Stori inaanzia bonde la mto Amazoni, Amerika Kusini. Kwao, gugumaji ni mmea wa kawaida tu, kwa sababu kuna wadudu wanaolitafuna tangu zamani. Shida ilikuja binadamu alipolipenda ua lake. Kuanzia karne ya 19 watu walilibeba bara kwa bara wakalipamba nalo vidimbwi vya bustani. Mmea ukasafiri, wadudu wake wakaachwa nyumbani. Hivyo ndivyo spishi vamizi nyingi huanza: si kwa ubaya wa mtu, ni kwa mapambo.

Mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi, ulilishusha hadi Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana upande wa Uganda, na miaka ya 1990 ilipoanza lilikuwa tayari limefika kwetu.

Sasa piga hesabu nami. Likipata joto na chakula cha kutosha, gugumaji huweza kujiongeza maradufu kwa takriban wiki mbili, maana kila mmea huzaa watoto pembeni bila kungoja mbegu. Anza na mita moja ya mraba. Baada ya mwaka mmoja, yaani mara 26 za kujiongeza, ungekuwa na zaidi ya hekta 6,700. Kwa kweli mawimbi na msongamano hulipunguza kasi, lakini umeelewa.

Na Ghuba ya Winam ililipa kila kitu. Maji yake ni ya kina kifupi, upepo wa alasiri husukuma mimea kuelekea Kisumu, na mito pamoja na mitaro huleta mbolea ya mashambani na maji taka ya mijini. Kufikia mwaka 1998, upande wa Kenya ulikuwa na zaidi ya hekta 17,000 za gugumaji. Hiyo ni kama misitu 16 ya Karura, ikielea.

Chini ya zulia hilo ndiko mambo huharibika. Mwanga haupenyi, kwa hiyo mimea midogo ya kijani inayotengeneza oksijeni majini hufifia. Gugumaji lenyewe hutoa oksijeni yake hewani, juu ya maji, si ndani. Majani yakifa huzama, na bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni kidogo iliyobaki. Mbuta, anayehitaji oksijeni nyingi, huhama. Kamongo na kambare hubaki, kwa sababu wanaweza kuvuta hewa juu ya maji. Kwa hiyo mvuvi anaweza kujua hali ya maji kwa kuangalia wavu wake tu. Tena, konokono wanaobeba kichocho hupata makao mazuri kwenye mizizi.

Kinachochekesha, mbuta mwenyewe ni mgeni. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawamaliza samaki wengi wenyeji. Mgeni akafukuzwa na mgeni.

Kung'oa kwa mikono hakukutosha, na mashine za kukatakata ziliacha mabaki yakizama na kuoza palepale. Ndipo wataalamu wakawafuata wale wadudu walioachwa nyumbani: fukusi wadogo wawili wa Amerika Kusini, wasioishi bila gugumaji. Waliachiliwa Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997. Mwanzoni hakuna kilichoonekana ila makovu madogo kwenye majani. Kisha, kufikia mwaka 2000, sehemu kubwa ya zulia ilikuwa imezama. Wengine wanawasifu fukusi, wengine wanasema mawimbi na mawingu ya El-Nino yalisaidia. Pengine wote wana haki, maana mmea uliotobolewa huzama upesi.

Lakini mwisho wa 2006 mvua kubwa zilinyesha, mito ikajaa tope na mbolea, na lilirudi. Mbegu zake huweza kulala matopeni miaka mingi, na fukusi walikuwa wamepungua chakula chao kilipoisha. Fukusi hula majani. Hawali maji taka. Mradi ghuba inaendelea kulishwa, gugumaji litarudi mezani.

Picha ile bado niko nayo kwenye simu. Watu huniuliza ni bustani gani.

Huwa nawajibu kwamba kuna mashua ya mtu nyuma yake.