Nambari iliyojirudia (utafutaji kwa mzunguko)
Njia ya kupata nambari iliyojirudia katika safu ya nambari n+1, zote kati ya 1 na n, bila kuibadilisha safu. Kila thamani husomwa kama nafasi ya kwenda. Katika `[1,3,4,2,2]`, ukianzia nafasi 0 unapita 1, 3, 2, 4, kisha unarudi 2: nafasi 3 na 4 zote zinaelekeza 2, hivyo mlango wa mzunguko ndiyo nambari iliyojirudia.

Vielekezi viwili huanzia 0, kimoja kikienda hatua moja, kingine mbili. Hapa hukutana kwenye 4. Kimoja kikirudishwa 0 na vyote vikaenda hatua moja moja, hukutana kwenye 2. Thamani 0 ikiwemo, njia hii yaweza kushindwa.