TAFSIRI: Barua ya nauli ya meli isimpotoshe mwagizaji

BARUAPEPE ya kunukuu nauli ya meli huwa fupi, lakini neno moja likitafsiriwa visivyo laweza kumtwika mwagizaji hasara asiyoitarajia. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Thika anayeagiza kasha la vitambaa kutoka Mumbai kwa dola 10,000, chini ya masharti ya CIF Mombasa.

Herufi hizo husimamia gharama ya bidhaa, bima na nauli. Mtafsiri anayeandika kwamba muuzaji "atafikisha mzigo Mombasa" hupotosha. Chini ya kanuni za Incoterms 2020, muuzaji hulipa nauli hadi Mombasa, lakini hatari humhamia mnunuzi pindi shehena inapopakiwa melini Mumbai. Tafsiri salama ni hii: "Muuzaji atalipa nauli na bima hadi bandari ya Mombasa, hatari ya hasara ni ya mnunuzi tangu shehena ipakiwe melini."

Bima nayo isiitwe "bima kamili". Masharti ya CIF humtaka muuzaji akate bima ya asilimia 110 ya bei, yaani dola 11,000 katika mfano huu, lakini kinga yenyewe ni ya kiwango cha chini, inayojulikana kama C. Hiyo hufidia hasara ya moto, kuzama kwa meli au kugongana kwake. Vitambaa vikiibwa, au maji ya bahari yakipenya ndani ya kasha, mwagizaji hafidiwi.

Isitoshe, sheria ya Kenya humtaka mwagizaji akate bima ya shehena kwa kampuni iliyosajiliwa humu nchini, agizo lililoanza kutiliwa mkazo 2017. Ili asilipie bima mara mbili, ni heri aombe bei ya CFR, yaani ya bidhaa na nauli pekee.

Kuhusu muda, barua ikisema siku 12, hizo kwa kawaida ni siku za safari ya baharini, tangu meli ing'oe nanga hadi itie nanga. Siku za kungojea meli Mumbai, na za kukomboa mzigo Mombasa, hazimo. Kwa hivyo pasiandikwe "mzigo utapokelewa baada ya siku 12" bali "safari ya meli itachukua takriban siku 12".

Hatimaye yaja malipo ya bandarini. Ada ya THC, ambayo ni ya kupakia, kupakua na kuhamisha makasha, hutozwa katika bandari zote mbili. Ile ya Mumbai huwa juu ya muuzaji. Ya Mombasa kwa kawaida humwangukia mnunuzi, pamoja na ushuru wa forodha, malipo ya wakala na usafiri hadi Thika. Kwa sababu hiyo, mtafsiri asiandike "ada ya bandari" pasipo kutaja bandari ipi, na nani atakayelipa.